Ng'onda kwa Vifaranga

Ami yangu hajapata kushika kifaranga mkononi maisha yake yote. Akiona kuku, huona biriani. Lakini ukimkuta barazani Kibokoni baada ya alasiri, kikombe cha kahawa tungu mkononi na kofia imekaa sawa, utadhani kuku wote wa Pwani wamelelewa chini ya kitanda chake. "Sisi ndio tulishao watu," huwaambia wenzake, na wenzake hao, watu wazima ambao hawajafanya kazi ya maana tangu walipohitimu chuoni, hutikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nikipita hapo nikitoka kazini, buibui limejaa vumbi la pumba, na yeye hujifanya hanioni. Haya ilimshika, mtu wa ukoo wetu kunuka dagaa mbele za watu.

Biashara yenyewe hakuianzisha yeye. Aliianzisha baba yangu, ndugu yake mkubwa, ambaye alikuwa na tabia ya ajabu katika nyumba yetu: alipenda kufanya kazi. Alianza na duka dogo pembezoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, mahali ambapo mtu atokaye Marikiti na kikapu chake hupita, na baadaye akakodi ghala upande wa Makupa, ukishaanza kuelekea Kibarani, akaweka mashine ya kusagia. Huwezi kusaga dagaa Mji wa Kale. Vichochoro ni vyembamba, na jirani akipiga chafya huku wewe utamwombea rehema kule. Baba alipofariki, fungu lake likaja kwetu sisi watoto. Ndugu zangu walikuwa na mambo makubwa zaidi, kama kukaa Dubai na kutuma picha, kwa hivyo kazi ikawa yangu na cheo kikawa cha Ami.

Tuligawana bila kukaa kikao. Yeye alishika duka, kwa sababu dukani pana kiti, pana feni, na pana watu wa kumwamkia. Mimi nilishika ghala. Nilikuwa na fundi mmoja wa mashine, mtu mzima wa Rabai asiyependa maneno mengi, na sisi wawili ndio tuliokuwa kiwanda kizima alichokuwa akikitangaza Ami kule barazani.

Niseme kazi yenyewe ilivyo, maana watu hudhani chakula cha kuku ni uchafu uliosagwa. Unachukua pumba za mahindi na pumba laini za ngano, ndizo za kushibisha. Unatia mashudu ya alizeti, na mashudu ya nazi kidogo tu, kwa sababu katika joto letu hili mashudu ya nazi huchacha upesi. Unatia dagaa waliosagwa, maana kifaranga bila samaki au soya hakui, hubaki na kichwa kikubwa na miguu ya njiti. Unatia chokaa ya mifugo kwa ajili ya mifupa. Mwisho ni ule unga wa vitamini na madini, ambao ni mchache sana, kwa hivyo huumwagi tu juu ya rundo; unauchanganya kwanza na pumba ndani ya ndoo, kisha ndio unautawanya, halafu mnageuza kwa mabeleshi mpaka rundo lote liwe rangi moja. Na chumvi. Kwa gunia zima la kilo sabini, chumvi yake haifiki robo kilo. Hiyo nilifundishwa na baba kabla hajanifundisha kitu kingine chochote, na alinifundisha kwa ukali.

Ami hakufundishwa, na wala hakuona haja. Yeye alikuwa na fikra. Fikra yake moja, lazima niseme kweli, ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyomharibu, kwa sababu mtu wa namna ile akipatia mara moja huamini amekuwa nabii. Aliona kwamba wateja wetu wengi si wenye mabanda makubwa. Ni watu wa Rabai, Mazeras, Kaloleni na Matuga wanaokuja kisiwani kufanya kazi za watu: kupika, kulinda, kufagia, kubeba. Wakitoka kazini jioni hawawezi kujitwika gunia. Ami akaagiza mifuko ya khaki ya kilo moja, kilo mbili na kilo tano, tukawa tunapima na kufunga. Wateja wakaongezeka. Tangu siku hiyo hakukuwa na kukaa naye. Akawa anasema "wakulima wangu", na mbele ya hao wakulima wake hakuweza hata kuitikia salamu bila kuangalia saa.

Alikuwa akiwaita watu wa mashambani, na alilitamka neno hilo kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki. Mwanamke akiuliza kama chakula ni cha leo, Ami hucheka puani. Mwingine akifungua mfuko anuse, Ami humwambia, "Mama, hapa si jikoni kwako." Mimi nikiwa dukani nilikuwa nataka kumrushia jiwe la mizani. Hawa watu walimlisha yeye, si yeye aliyewalisha, lakini hesabu ya namna hiyo haikuwa katika uwezo wake.

Miongoni mwao alikuwako mwanamke mmoja wa Mazeras. Alikuwa akifagia katika ofisi moja ya kupitisha mizigo ya bandarini, si mbali na duka letu, na alipita dukani mwisho wa juma, siku ambazo mimi huleta mifuko, akiwa bado na sare yake ya kijani. Mwembamba, mweupe wa meno, mwenye kusikiliza jibu mpaka mwisho. Alinunua vifaranga wa kuku wa mayai, wale wa siku moja wanaokuja katika katoni yenye matundu, na hakuwa na mtu wa kumsaidia isipokuwa mama yake mzee. Usiku aliwawekea jiko la makaa ili wasigande. Chanjo ya kideri alikuja kuichukua kwetu na barafu yake ndani ya chupa ya chai, akaniuliza mara mbili jinsi ya kuitia katika maji.

"Dada," aliniambia siku moja, "hawa wakianza kutaga, fagio nawaachia wenyewe."

Hakusema kwa mzaha. Bosi wake alikuwa kijana mdogo wa kumzaa, aliyekuwa akimwaga majani ya chai sakafuni makusudi ili aone kama amefagia vizuri. Alinisimulia hilo bila kulia na bila kucheka. Aliniambia ameshapata mwenye duka Mazeras na mwenye hoteli njia ya Mariakani, wote watachukua mayai yake. Alilobakiwa nalo ni kuwafikisha wale vifaranga kwenye umri wa kutaga, miezi minne na ushei ya kuwalisha vizuri, basi. Kila wiki alichukua mfuko wa kilo tano na wakati mwingine wa kilo mbili juu yake, akanieleza wamefikia wapi. Wameota manyoya ya mbawa. Wameanza kupandiana juu ya tofali. Nilikuwa nikimsubiri, nakiri, kuliko nilivyowasubiri jamaa zangu wengi.

Sasa tuje kwenye dagaa.

Dagaa wetu walitoka Kisumu, kwenye ziwa. Walikuja magunia kwa magunia, na ilibidi niwachekeche kwanza kwa sababu wauzaji hupenda kuwatia mchanga. Kulikuwa na kipindi dagaa waliadimika, na gunia likifika ni nusu samaki nusu ufuko. Nilisema tutie soya zaidi mpaka hali itengemae. Ami akakunja uso. Alikuwa amekuja ghalani siku hiyo, jambo la nadra, na amesimama mlangoni kwa kuogopa kuchafua kanzu.

"Hebu nambia," akasema. "Bahari iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole cha gumba, maana iko kila upande, hiki ni kisiwa.

"Basi sisi, watu wa pwani, wana wa Mvita, twakaa twangoja samaki wa ziwani? Samaki wa maji baridi? Wenzetu wa bara watatucheka."

"Ami, kuku hawajui kama samaki ni wa ziwa au wa bahari. Wanajua protini."

"Na wewe ushakuwa daktari."

Fikra yake ilikuwa hii. Karibu na bandari ya zamani kuna maghala ya ng'onda na papa, samaki waliokaushwa kwa chumvi, na humo kila siku kuna vichwa, mikia na vipande vilivyovunjika ambavyo mpishi hanunui. Ami alikuwa amezungumza na mwenye ghala mmoja, rafiki yake wa barazani. Tuchukue vile vipande, tusage, tutie badala ya dagaa. Alisema kwa furaha kubwa, na akaongeza kwamba chakula chetu kitakuwa cha kwanza chenye samaki wa bahari halisi, na kwamba ataandika hivyo juu ya mfuko.

Nilimwambia ng'onda ni chumvi iliyoshikana na samaki. Nilimwambia kifaranga hana figo za kuitoa chumvi hiyo, kuku mkubwa ataharisha lakini kifaranga atakufa. Nilimweleza habari ya robo kilo kwa gunia. Nilieleza taratibu kama mtu anayemweleza mgonjwa wa homa, na yeye akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, wewe umeolewa, ukaachwa, hata papa hujui kumpika? Papa hurowekwa usiku mmoja. Asubuhi wamwaga maji, chumvi ishatoka. Shangazi yako hupika hivyo miaka yote, na mimi hula, na mimi ni mzima."

Nilimjibu kwamba shangazi anaroweka kipande kimoja ndani ya sufuria, hubadilisha maji mara tatu, na bado anapotia tui hatii chumvi ya mchuzi. Nilimwambia akileta ng'onda ghalani kwangu nitaitupa jaani Kibarani. Ami akacheka puani, akarudi zake kwenye feni.

Wiki iliyofuata nikaenda Lamu kwenye harusi ya binamu. Harusi za kwetu, anayezijua anazijua: hakuna anayekwenda siku moja. Kuna siku ya hina, siku ya nikahi, siku ya kupamba, na siku nyingine zilizowekwa ili wanawake wapate kusemana. Nilirudi Mombasa siku ya kumi, nimechoka kuliko bibi harusi, na sikupitia nyumbani. Nilikwenda ghalani.

Harufu ilinipokea barabarani. Mtu aliyekulia Mji wa Kale haisahau harufu ya ng'onda, ni harufu ya nyumbani, lakini nyumbani iwe jikoni. Ndani, sakafu ilikuwa nyevu, na pembeni yalikuwa mapipa mawili yenye maji ya rangi ya kahawia na mafuta juu. Fundi wa mashine alikuwa amekaa juu ya gunia. Aliponiona alisimama.

"Alikuja mwenyewe," akasema kabla sijamuuliza. "Alileta kwa mkokoteni. Akasema wewe umekubali."

"Aliroweka?"

"Aliroweka usiku mmoja. Mapipa yakajazwa samaki mpaka juu, maji yakapata nafasi kidogo."

"Maji gani?"

Fundi akatazama mlango. Mfereji wa ghala ulikuwa haujatoa maji siku zile, kama kawaida yake, na sote tunajua mtu hufanya nini mfereji ukikauka. Nyuma ya ghala kuna kisima.

Kisima hicho, kama visima vingi vya kisiwa hiki, ni cha maji ya chumvi. Tunaoshea sakafu. Ukifulia nguo, sabuni haitoi povu. Ami yangu, mwana wa Mvita, mjuzi wa papa, alikuwa ametoa chumvi ya ng'onda kwa maji ya chumvi. Nilikaa chini. Nilicheka, na kicheko kile kilinitisha hata mimi, kwa sababu hakikuwa na furaha ndani yake. Kisha nikauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa.

"Na chumvi yetu ya kawaida mlitia?"

"Tulitia," fundi akasema. "Kama siku zote. Yeye alisema fuata kipimo cha dada."

Vile vipande walivianika juani siku mbili, wakavisaga, wakachanganya, wakafunga. Chakula cha vifaranga tu ndicho kilichotiwa, maana Ami alitaka kuanza na kilicho bora kwa wateja wake wadogo. Mifuko ilikuwa imekwenda dukani siku ile ile niliyokuwa nikipakwa hina. Nilichota chakula kilichobaki kwenye rundo, nikakiweka ulimini. Sihitaji kusema zaidi. Nilimwambia fundi afunge ghala na asimfungulie mtu, hata akija na kanzu tatu.

Dukani nilimkuta Ami akimpimia mtu mbegu za mchicha. Nilisubiri yule mtu atoke, kisha nikaanza kutoa mifuko ya khaki rafuni na kuitupa nyuma ya kaunta. Akaniuliza nina wazimu gani. Nikamwambia. Akasikiliza, akatoa leso, akajipangusa shingo.

"Kuna mteja aliyelalamika?" akauliza. "Hakuna. Watu wamenunua, wamerudi makwao, kimya. Wewe ndiye umekuja na matanga."

"Wamenunua wangapi?"

"Wengi. Walipenda. Nimewaambia ni samaki wa bahari."

"Na yule mama wa Mazeras?"

"Yule mfagizi? Amechukua mara mbili wiki hii." Akasema kwa fahari. "Mara ya pili alitaka kile cha zamani, nikamwambia hiki ni bora kuliko kile."

Nilimpigia simu yule mama pale pale. Haikupatikana. Niliwapigia wengine ambao nambari zao nilikuwa nazo, nikawaambia wasiwape tena chakula kile na wawape maji safi ya kutosha. Mmoja wa Matuga alikuwa bado hajafungua mfuko. Mwingine alisema vifaranga wake wanaharisha, yeye alidhani ni baridi. Wa tatu alinitukana, nikamsikiliza mpaka mwisho, na Ami alikuwa pembeni akinionyesha ishara nikate simu nisiaibishe duka. Yule wa Mazeras nilimpigia mpaka nikachoka. Nilikwenda kwenye ofisi anayofagia, nikaambiwa na yule kijana bosi wake kwamba ameomba ruhusa ya dharura, na kwamba dharura za watu kama hao haziishi. Nikaona kumbe dunia imejaa kina Ami, hata wasiovaa kanzu.

Yule mama alikuja kesho yake asubuhi, kabla ya saa za kazi, na sare yake ya kijani. Ami alikuwa ameketi penye feni na wenzake wawili wa barazani waliopitia kunywa chai ya bure. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta. Alisalimia vizuri, "Habari ya asubuhi, mzee. Habari yako, dada," kama desturi yake, akaweka mfuko wa khaki uliofunguliwa juu ya kaunta. Ulikuwa umebaki nusu.

"Wamekufa," akasema.

Nilimuuliza wangapi. Alisema waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole na hawasimami. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilibidi wazee waache kunywa chai ili wasikie. Alisema walianza kukimbilia maji. Anajaza chombo, wanakimaliza, wanakanyagana juu yake, anajaza tena. Matumbo yakavimba, yakawa kama mifuko ya maji. Kinyesi kikawa maji matupu. Wakawa wanapumua kwa midomo wazi. Mama yake alikesha nao akiwanywesha kwa kijiko, kwa sababu walikuwa bado wanataka maji, na maji yenyewe ni ya kisima cha pale kwao, nayo yana chumvi chumvi. Hawakujua kwamba ndiyo yaliyozidi kuwaua.

Nilitaka kusema neno, Ami akanitangulia.

"Hicho ni kideri, mama," akasema, akakunja mguu juu ya mguu. "Ugonjwa wa kuku. Nyinyi watu wa mashambani hamsafishi mabanda, kisha mwalaumu chakula."

"Chanjo ya kideri alichukua hapa," nikasema. "Ulimuuzia wewe kwa mkono wako. Leo haifanyi kazi?"

"Huenda hakujua kuitia."

"Alijua. Aliniuliza mara mbili. Wewe hujauliza kitu chochote maishani mwako hata mara moja."

Mzee mmoja akakohoa ndani ya kikombe. Ami aliniangalia kwa namna ambayo katika nyumba yetu ina maana tutakutana mbele ya wakubwa. Mimi nilimgeukia yule mama. Nilimwambia makosa ni ya chakula, kimetiwa samaki wa chumvi, na duka litampa vifaranga wengine na chakula chao mpaka watage. Nilisema mbele ya kila mtu, na Ami alivuta pumzi kama aliyekanyagwa.

Yule mama alinitazama. Hakunikasirikia, na ningependa angenikasirikia.

"Asante, dada," akasema. "Lakini wa siku moja tena? Nianze tena na jiko la makaa? Yule mwenye hoteli hatanisubiri. Ameshaniambia." Akapangusa kaunta kwa kiganja, pale ambapo unga ulikuwa umemwagika, mazoea ya kazi. "Mimi sikuja kudai. Nimekuja nijue tu."

"Ujue nini?" Ami akauliza.

"Kama mzee mwenyewe amewahi kukionja."

Hapa ndipo Ami angeweza kujiokoa. Angesema hapana, mtu haonji chakula cha kuku, na jambo lingeishia hapo. Lakini wenzake wa baraza walikuwa wakimtazama, na mfagizi wa Mazeras alikuwa amemuuliza swali mbele yao, na ukoo wetu haukuzaliwa kuulizwa. Aliinuka. Alikunja mkono wa kanzu kwa madaha, akatia mkono ndani ya ule mfuko, akatoa ukufi mzima.

"Hawa ni samaki wa bahari," akawaambia wale wazee. "Sisi tumewala tangu utotoni."

Akabugia.

Sikumzuia. Mtu mzima akitaka kula pumba na chokaa mbele ya watu, ni haki yake. Alitafuna. Unga ulimganda mdomoni, ukamkaba koo, macho yakamtoka. Akatafuna tena kwa kiburi, akameza kidogo, akameza tena, na kila alipomeza shingo ilikwenda mbele. Ilibaki kidogo tu akiteme, lakini hakutema. Alipomaliza alijaribu kutabasamu na meno yake yalikuwa yamejaa pumba.

"Kitamu," akasema, na sauti haikutoka vizuri.

Akachukua chupa ya maji iliyokuwa karibu na feni, akainywa yote kwa mkupuo mmoja. Akaiweka. Akakaa. Kisha akanyoosha mkono akachukua glasi ya chai ya mwenzake, ilikuwa imebaki nusu, akaimaliza hiyo pia. Akakohoa. Akaniashiria mimi nilete maji, nikajifanya sioni, akamwashiria mwenzake, na mwenzake akaenda nyuma akarudi na jagi. Ami akanywa kutoka kwenye jagi lenyewe, kwa mikono miwili, maji yakimshuka kidevuni na kuingia ndani ya kanzu. Akapumua mdomo wazi. Akainua tena jagi.

Hakuna aliyecheka, hata mimi, ingawa nilikuwa nimengoja miaka mingi kumwona vile. Yule mama wa Mazeras alisimama pale pale kwenye kaunta na kumtazama kwa makini, tangu tone la kwanza mpaka jagi likaisha.

"Nao walikunywa hivyo hivyo, mzee," akasema.

Akatuaga mmoja mmoja, mimi, wale wazee wawili, na Ami vile vile, akatoka kwenda kufagia.